Kukataa mwaliko wa sherehe kwa Kifaransa ukiwa na shughuli nyingine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha Kifaransa watu wazima hapa Mtwara mjini, jioni baada ya kazi. Wengi wanaokuja kwangu hawana mtihani mbele yao. Wana jirani Mfaransa, au bosi Mfaransa, maana gesi ya Mnazi Bay inachimbwa na kampuni ya Kifaransa, Maurel & Prom, na wageni wake wanaishi humu humu mjini kwetu. Wengine wana marafiki Wakomoro. Ujumbe unaowasumbua kuliko wote ni huu: nimealikwa, nashukuru, ila siku hiyo nina shughuli nyingine. Maswali yaliyo hapa ndiyo wanayoniuliza kila msimu wa likizo, sherehe zinapogongana.

Ujumbe wenyewe unakuwaje?

Kwa rafiki, mfanyakazi mwenzako au jirani mliyezoeana, huu unatosha:

> Coucou Claire, merci beaucoup pour l'invitation, ça me fait très plaisir ! Malheureusement, je ne pourrai pas venir samedi : j'ai déjà quelque chose de prévu. Amusez-vous bien, et à très vite !

Maana yake: asante sana kwa mwaliko, umenifurahisha, kwa bahati mbaya Jumamosi sitaweza kuja, nina jambo nililokwisha kulipanga, furahini, tuonane karibuni. Ndivyo Wafaransa wanavyoandikiana wao kwa wao. Shukrani inatangulia, "hapana" inafuata ikiwa wazi, sababu inachukua mstari mmoja, na mwisho ni neno la kumtakia mwenzako heri. Wanafunzi wangu wengi wakiuona wanasema ni mfupi mno, utaonekana umemdharau mwenye sherehe. Hautaonekana hivyo. Kwetu maneno mengi ndiyo yanayobeba heshima. Mfaransa akipokea udhuru wa mistari kumi huanza kujiuliza kuna nini, au huona unajitetea kwa jambo ambalo hakukulaumu.

Kuna kosa dogo la kuangalia hapo. Ni *quelque chose de prévu*. Ukiandika *quelque chose prévu* utaeleweka, lakini sikio la Kifaransa litakwaruzika.

Kwa nini unasisitiza neno *déjà*?

Kwa sababu adabu yote ya sentensi ya sababu imekaa humo. *Déjà* ni "tayari". Ukisema *j'ai quelque chose samedi*, umesema una jambo Jumamosi, na msomaji anaweza kufikiri umelitafuta baada ya kupata mwaliko. Ukisema *j'ai déjà quelque chose*, umemwambia kwamba ahadi ile ilitangulia yake, kwa hiyo hukupima sherehe yake na jambo jingine ukaona yake ni nyepesi. Hapo hana sababu ya kuumia.

Njia nyingine ya kusema hivyo hivyo ni *je suis déjà pris* kwa mwanamume, au *je suis déjà prise* kwa mwanamke, yaani nafasi yangu imeshachukuliwa. Hii ni ya kawaida sana na haina ubaridi.

Jiepushe na *je suis occupé*. Tunaikimbilia kwa kuwa kamusi inasema ni "nina shughuli", lakini Mfaransa anaisikia kama mtu anayesema "niache kwanza, nina kazi". Usiseme pia *j'ai une activité*. Kwetu "shughuli" ni harusi, ni maulidi, ni ngoma, ni hitima. *Activité* ni mazoezi ya mpira, au mtoto anayekwenda kujifunza kuogelea. Na *je suis engagée* inaelekea zaidi kwa mtu aliyeajiriwa au mwanaharakati. Ukitaka neno hilo liwe nomino, sema *j'ai déjà un engagement*, na ujue ni la kirasmi kidogo.

Kwani siwezi kusema "nitajitahidi kufika"? Kukataa moja kwa moja ni ukavu.

Hili ndilo swali kubwa, na naomba mnivumilie nikilijibu kwa urefu.

Mtu akikualika hapa kwetu, na wewe unajua huendi, unasema "nitajitahidi", au "Inshallah". Mwenyeji anaelewa. Hakukuhesabu hasa, wala hakukufuta. Pilau inapikwa kwenye sufuria kubwa, watu watano wakiongezeka au wakipungua hakuna anayeshtuka. Kusema "siji" kwa mdomo wako ndiyo inayoonekana kama kumfungia mtu mlango.

Mfaransa anayealika watu nyumbani kwake, hasa kwa chakula cha usiku cha kukaa mezani, anahesabu viti na sahani. Ukimwandikia *j'essaierai de passer*, atasoma kama ilivyoandikwa: utajaribu, basi kuna uwezekano. Atakuwekea sahani.

Nalijua hili kwa kuumia. Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja Mfaransa aliyekuwa akiishi karibu na ufukwe wa Shangani alinialika kwa chakula cha usiku, tukiwa watu sita tu. Siku ile ile nilikuwa na hitima Mikindani. Nikamjibu *j'essaierai*, nikiamini nimekataa kwa upole. Kesho yake asubuhi nilipita kumsalimu. Meza ilikuwa haijatolewa vyombo, na mahali pamoja palikuwa na sahani safi, kitambaa kimekunjwa juu yake, na kikadi kidogo chenye jina langu kwa mwandiko wake. Hakusema neno baya. Aliniuliza tu kama nilikuwa mgonjwa. Walinisubiri zaidi ya nusu saa kabla ya kuanza kula. Nilipomweleza kwamba *j'essaierai* yangu ilikuwa "hapana", alinitazama kwa mshangao wa kweli, akasema: "Kwa nini hukuniambia?"

Tangu siku ile nawaambia wanafunzi wangu kwamba kwa Kifaransa upole unakaa kwenye *merci*, kwenye *malheureusement*, na kwenye *j'aurais adoré venir* (ningependa sana kuja). Kitenzi chenyewe cha kukataa kibaki wazi: *je ne pourrai pas venir*. Ukimwambia mapema na wazi, umemheshimu, kwa sababu amepata nafasi ya kualika mwingine au kupunguza chakula. *J'essaierai de passer* itumie pale tu unapokusudia kweli kujaribu, na kama ni sherehe ya watu kuingia na kutoka, siyo ya mezani.

Ni *pourrai* au *pourrais*? Kwenye simu naziona zote mbili.

Kwa mdomo hazitofautiani sana, ndiyo maana hata Wafaransa wenyewe huzikosea. Kwa maandishi zinatofautiana maana. *Je ne pourrai pas venir*, bila *s*, ni "sitaweza kuja". *Je ne pourrais pas venir*, yenye *s*, ni "nisingeweza kuja", na sentensi inabaki ikining'inia: usingeweza kama nini? Katika ujumbe wa kukataa unataka ile isiyo na *s*, yenye *r* mbili.

Njia ninayowapa ya kujipima ni kubadilisha mtu. Weka *nous*. Ukisema *nous ne pourrons pas venir* na maana ikakaa sawa, basi kwa *je* ni *pourrai*. Kama sentensi inataka *nous ne pourrions pas*, ndipo *s* inahitajika.

Ile "ningependa" nayo ina umbo lake: *j'aurais aimé*, *j'aurais adoré*. Hapo *s* ni lazima.

Nimejaribu kuandika wangu. Unaweza kunisahihishia?

Nachukua ujumbe mmoja kwa ruhusa ya mwenyewe, kwa sababu karibu makosa yetu yote yamo. Majina nimebadilisha. Dada huyu alipata mwaliko huu kwenye simu:

> Coucou ! On pend la crémaillère samedi 20 décembre à partir de 19 h. Dites-moi avant mercredi si vous êtes des nôtres !

*Pendre la crémaillère* ni kusherehekea kuhamia nyumba mpya. *Crémaillère* kilikuwa chuma chenye meno, cha kuning'inizia chungu juu ya moto. Kikishatundikwa, nyumba imekamilika na watu wanaweza kula. *Être des nôtres* ni "kuwa miongoni mwetu".

Jumamosi hiyo, likizo ya Desemba, mtoto wa dada yake alikuwa anatolewa unyagoni Newala. Asingeweza kukosa. Akaandika hivi:

> Bonjour chère Claire, comment vas-tu et la famille et le travail ? Je suis très occupée le samedi car j'ai une urgence, ma fille sort de l'initiation à Newala et toutes les femmes doivent être là. Je ne pourrais pas venir mais je vais essayer. Pardon beaucoup. Que Dieu te bénisse.

Tuupitie pamoja.

Mwanzo wake ni wa Kiswahili: hujambo, familia hawajambo, kazi inaendaje. Kwetu kuruka salamu ni kukosa adabu. Katika ujumbe wa kujibu mwaliko wa Kifaransa, *coucou* au *bonjour* na jina vinatosha, halafu *merci* iingie mara moja. Hapa *merci* haimo kabisa. Hilo ndilo kosa zito kuliko yote, kwa kuwa Claire atasoma ujumbe mzima asikute mahali alipoambiwa kwamba mwaliko wake umepokelewa kwa furaha.

*Le samedi* ni "kila Jumamosi". Amemwambia Claire kwamba Jumamosi zote za maisha yake zina kazi. Jumamosi moja inayojulikana ni *samedi* tu, bila *le*, au *samedi 20*. Ukitaka kuweka tarehe na *le* pamoja, ni *le samedi 20 décembre*, nayo ni sawa kwa kuwa tarehe imeifunga.

*Une urgence* ni neno la hospitali. Sisi "dharura" tunaitumia hata pikipiki ikipata pancha. Claire akiona *urgence* atapiga simu kuuliza nani ameumia, kisha atashangaa kusikia ni sherehe.

*Ma fille* nalo lilileta taabu, na ni taabu ya heshima. Kwetu mtoto wa dada yako ni mwanao. Wewe ni mama yake mkubwa au mama yake mdogo, na kumwita vinginevyo ni kumsukuma mbali. Lakini Claire anajua kwamba rafiki yake ana watoto wawili, wote wa kiume. Kwa Kifaransa binti wa dada ni *ma nièce*. Kulitumia neno hilo hakupunguzi umama wako. Ndivyo lugha yao inavyowataja jamaa.

Kisha *pourrais* yenye *s*, na baada yake *mais je vais essayer*. Sitaweza, lakini nitajaribu. Claire aandike nini kwenye orodha yake? *Pardon beaucoup* ni "samahani sana" iliyovishwa nguo ya Kifaransa. Wao husema *je suis vraiment désolée*. Na mwisho, baraka. Hilo nina swali lake huko chini.

Tulikaa naye, chai ikapoa, tukafika hapa:

> Coucou Claire, merci beaucoup pour l'invitation, ça me fait très plaisir ! Malheureusement, je ne pourrai pas être des vôtres : j'ai déjà une fête de famille à Newala ce week-end-là, pour ma nièce. J'aurais adoré voir la nouvelle maison. Amusez-vous bien samedi, et à très vite ! Bises

Angalia *être des vôtres*. Claire aliandika *des nôtres*, miongoni mwetu. Anayejibu anageuza, miongoni mwenu. Kulichukua neno la mwenyeji na kumrudishia hivyo kunaonyesha umesoma mwaliko wake kwa makini. Na *voir la nouvelle maison* ni sentensi isiyoweza kutumwa kwa mtu mwingine. Ujumbe wa kukataa ukiwa na kitu kimoja cha namna hiyo, hauonekani kama umenakiliwa. Claire alijibu baada ya dakika chache: *Pas de souci, tu viendras la voir en janvier !* Hakuna tatizo, utakuja kuiona Januari.

Mbona hukumwandikia "unyago"? Ndiyo sababu ya kweli.

*Fête de famille* nayo ni kweli, ila haisemi yote. *Cérémonie d'initiation* ipo katika Kifaransa, lakini ni neno la vitabu vya wataalamu wa mila, na itakuletea maswali kumi ya kuandika majibu yake kwenye simu wakati ulitaka kutoa udhuru tu. Tena mambo ya unyago yana mipaka yake ya kusimuliwa. Kama Claire ni rafiki, msimulie yale yanayosimulika siku mkikaa.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba sababu iwe ya kweli na iwe fupi. *Un mariage*, *une fête de famille*, *un anniversaire*, *un déplacement* (safari ya kikazi). Ukitaka kutotaja chochote, *j'ai déjà quelque chose de prévu* haihitaji nyongeza, na Mfaransa mwenye adabu hatakuuliza ni nini. Kubuni sababu ni kujitafutia aibu; Mtwara siyo mji mkubwa, na Jumapili mtakutana sokoni.

Kama ni msiba, usiuchanganye na lugha ya sherehe. Andika *nous avons un deuil dans la famille*, tuna msiba katika familia, na ondoa *malheureusement* na alama za mshangao. Kwa arobaini, *la cérémonie du quarantième jour* inaeleweka, hasa kwa Waislamu wanaozungumza Kifaransa.

Bosi wangu amenialika kwa *vous*. Nibadilishe nini?

*Vous* ni "wewe" ya heshima, na *tu* ni "wewe" ya waliozoeana. Kwa *vous*, karibu kila kitu kinapanda ngazi moja. *Coucou* na *bises*, yaani mabusu, vinaondoka. *Quelque chose de prévu* inakuwa *engagement*:

> Bonjour Monsieur,
> Je vous remercie vivement de votre invitation à la soirée du 20 décembre. Malheureusement, un engagement familial pris de longue date m'empêche d'y assister. Je vous souhaite, ainsi qu'à vos invités, une très belle soirée.
> Bien cordialement,

*Pris de longue date*, yaani ahadi iliyofungwa tangu zamani, inafanya hapa kazi ile ile ya *déjà*. *D'y assister* ni "kuhudhuria", na ile *y* inasimama badala ya sherehe. Usiandike *vous assister*, maana hiyo ni kumsaidia yeye mwenyewe kazi.

Kama yeye anakuita *tu* na nyote mnaitana hivyo kazini, usimpandishie *vous* kwa ajili ya kukataa tu. Ataona umekasirika. Lakini mwaliko ukiwa wa mume na mke, *vous* inakuja yenyewe hata kama kila mmoja unamwita *tu*, kwa sababu ni wawili: *Merci à vous deux pour l'invitation*.

Na *bises*? Kati ya wanawake waliozoeana ni ya kawaida. Mwanamume akimwandikia mwanamke wa kazini, aweke *amicalement* au *à bientôt*, na hapo hakuna atakayejiuliza.

Mwanamume na mwanamke wanaandika tofauti?

Katika maneno machache: *désolé / désolée*, *pris / prise*, *ravi / ravie*, *touché / touchée*. Ukiandika kwa niaba ya mumeo na wewe, inakuwa *nous sommes désolés*. Ukinakili ujumbe wa mtu mwingine, hapo ndipo unapokamatwa. Nimemwona kaka mmoja akijiita *désolée*.

"19 h" ni saa ngapi?

Saa moja usiku. Wao wanahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza au kuzama, kwa hiyo kati yao na sisi kuna saa sita. *20 h 30* ni saa mbili na nusu usiku. Ni muhimu hata unapokataa: dada mmoja alikataa sherehe ya *13 h* akidhani inagongana na harusi ya usiku, kumbe ilikuwa saa saba mchana na angeweza kwenda zote mbili.

Nijibu lini, na kwa njia gani?

Siku ile ile au kesho yake, na kwa njia ile ile uliyoalikwa. Mwaliko wa ujumbe unajibiwa kwa ujumbe. Huna haja ya kwenda nyumbani kwake kama ambavyo ungekwenda kwa mzee wa kwetu. Ukiona *RSVP*, hizo ni herufi za *répondez s'il vous plaît*, tafadhali jibu, na tarehe inayofuata ndiyo ya mwisho. Kunyamaza si jibu. Katika yote ninayowafundisha, ukimya ndio unaoumiza zaidi kuliko kukosea *s*.

Nilishakubali, sasa limetokea jambo. Natumia ujumbe huo huo?

Hapana. *Déjà* sasa ingekuwa uongo, kwa kuwa ahadi iliyotangulia ni yake. Neno lako ni *empêchement*, kizuizi kilichojitokeza, au *imprévu*, jambo lisilotarajiwa:

> Claire, je suis vraiment désolée, j'ai un empêchement de dernière minute et je ne pourrai finalement pas venir ce soir. J'espère que ça ne te complique pas trop les choses.

Sentensi ya mwisho inasema: natumaini sikuvurugii mambo sana. Iweke. Alishakuhesabu, na inaonyesha unalijua hilo. Kama zimebaki saa chache tu, piga simu kwanza, kisha tuma ujumbe ikiwa hakupokea.

Amenibembeleza: "*Même pas une petite heure ?*" Nifanyeje?

"Hata kwa saa moja tu?" Kwake ni njia ya kuonyesha anakupenda, siyo kukubana. Mjibu kwa ukweli wa mahali ulipo: *C'est gentil, mais nous serons à Newala tout le week-end.* Umbali unamaliza mjadala bila kumkatalia mara ya pili. Ukiwa mjini na huwezi kweli, *c'est vraiment gentil, mais ce ne sera pas possible cette fois-ci* inatosha. Usianze kuongeza sababu mpya, kwa sababu ya pili huidhoofisha ya kwanza.

Naweza kuweka "Mungu akubariki" au "Inshallah"?

Inategemea unayemwandikia. Mkomoro atakuandikia *inch'Allah* mwenyewe, na kumrudishia ni udugu. Kwa Mfaransa wa Ufaransa dini ni jambo la mtu binafsi. *Que Dieu te bénisse* haitamkasirisha, ila inaweza kumfanya aone ujumbe umekuwa mzito ghafla. *Je vous souhaite une très belle soirée* inabeba dua ile ile kwa maneno aliyoyazoea.

Ila *inch'Allah* usiiweke karibu na kukataa. *Je ne pourrai pas venir, inch'Allah* haisomeki. Ikae kwenye kuonana tena: *à bientôt, inch'Allah*.

Na *ce n'est que partie remise*? Nimeiona mahali.

Ni nzuri sana. *Partie* hapa ni mchezo mmoja, kama raundi moja ya bao, na *remise* ni iliyoahirishwa. Unasema: hatujafuta, tumesogeza mbele tu. Ifunge nayo ujumbe kama kweli unakusudia kuonana naye. Usiichanganye na *parti*, ambacho ni chama cha siasa, wala usiite sherehe *une partie*. Sherehe ni *une fête*, na ya usiku ni *une soirée*.

Sherehe ikishapita, niseme kitu?

Sema, kesho yake: *Alors, cette soirée ? J'espère que c'était bien !* Je, sherehe ilikuwaje, natumaini ilifana. Dada wa Newala alituma hiyo Jumapili jioni akiwa kwenye basi la kurudi Mtwara, pamoja na picha ya kikapu cha maembe alichomletea Claire kwa ajili ya nyumba mpya.